Wastani hauonyeshi pa kuweka shilingi inayofuata

“Kampeni ya matangazo inayoleta mteja kwa gharama ndogo ndiyo iongezewe bajeti, si ndiyo?”

Hapana. Wastani wa gharama kwa mteja unaeleza pesa zilizokwisha kutumika. Kinachoamua ni wateja walioletwa na nyongeza ya mwisho.

Tuseme muuzaji wa taa za sola Kampala analipia redio shilingi milioni 4 kwa mwezi, anapata wateja 400. Ujumbe wa simu unamgharimu milioni 2, anapata 100. Kwa wastani, redio ni 10,000 kwa mteja, ujumbe 20,000. Lakini redio ilipokuwa milioni 3 ilileta 380. Milioni ya nne imeongeza 20 tu, yaani 50,000 kila mmoja, kwa sababu tangazo linawarudia wasikilizaji walewale. Ujumbe ulipopanda kutoka milioni 1 hadi 2, wateja walitoka 60 hadi 100: 25,000 kila mmoja. Milioni ijayo iende kwenye ujumbe.

Ila nao utachoka. Ongeza kidogo, pima tena, na usilinganishe mwezi wa kawaida na Desemba. Msimu wa sikukuu huleta wanunuzi ambao tangazo halikuwaita.