Kwa nini mtoto anachora kishikio asichokiona (skripti ya kipindi cha redio)

Msikilizaji, kabla sijaenda mbali chukua kikombe cha chai, kile chenye kishikio, mwonyeshe mtoto wa miaka mitano, halafu kiweke mezani ukigeuze mpaka kishikio kikae nyuma kisionekane kabisa. Mwambie achore anachokiona pale alipokaa. Usishangae akikuchorea kikombe na kishikio chake pembeni, tena bila wasiwasi. Dada yake wa miaka tisa mara nyingi atakiacha.

Hili jaribio sijalibuni mimi, ni la watafiti Freeman na Janikoun, 1972, na wao kikombe chao kilikuwa na ua limechorwa upande wa mbele. Sasa ona, wale wadogo waliacha ua wanaloliona wakachora kishikio wasichokiona! Mambo yaligeuka kwenye umri wa kama miaka minane hivi. Ukifikiria utaona wana hoja, kishikio ndo kinachotofautisha kikombe na bilauri, ua ni pambo tu. Mfaransa Luquet, aliyechunguza michoro ya watoto, alishaliandika hili 1927, kwamba mtoto anaanza kwa kuchora anachokijua, kuchora kinachoonekana kunakuja baadaye.

Hata kwa watoto wadogo zaidi ndo hivyohivyo. Wa mwaka na nusu anakwaruza tu ukuta wako kwa penseli, raha yake ni kwamba mkono ukipita alama inabaki, afu baadaye anaanza kuiangalia ile mikwaruzo na kusema "huyu mbuzi", jina linakuja baada ya mchoro. Kwenye miaka mitatu, minne unaona mtu ni kichwa na miguu miwili mirefu kama kiluwiluwi. Wazazi wananiuliza tumbo liko wapi, nawaambia muulizeni mwenyewe, wengine wanaonyesha palepale katikati ya miguu, kumbe lipo ila halijapata mstari wake.

Lakini msiseme mdogo haoni. Watafiti wa baadaye waliweka vikombe viwili pamoja, kimoja kishikio kinaonekana na kingine kimefichwa, na watoto wengi wadogo walikiacha kile kishikio kilichofichwa, maana sasa kuna tofauti ya kuonyesha. Kwa hiyo macho yapo na mkono upo, shida ni kwamba ukimwekea kimoja anaelewa umemwomba akuambie hiki ni kitu gani, wakati wewe ulitaka kujua kinavyoonekana toka kwenye kiti chake.

Ndo maana na maneno yako yanaharibu jaribio. Ukisema "chora kikombe" umeshamtajia kitu, kishikio kinakuja chenyewe. Rudia na mtoto mwingine ambaye hajakiona kikombe kabla, kigeuze kabisa kabla hajaingia, mwambie "chora hiki hapa" tu, usitaje jina, halafu linganisha hizo karatasi mbili.