Dagaa, ufuta au maziwa?

"Bila maziwa mtoto atapata wapi kalsiamu? Au nimpe ufuta, maana nasikia unayashinda maziwa?"

Dagaa wanatosha, mradi waliwe na mifupa yao. Kiganja cha dagaa wakavu, kama gramu 30, hakina kalsiamu pungufu ya kikombe cha maziwa chenye miligramu 300 hivi, na mwili hufyonza kalsiamu yao karibu sawa na ya maziwa. Ukikata vichwa unatupa sehemu ya mifupa. Uchungu uko tumboni, toa utumbo tu. Kwa mtoto mdogo, wasage unga.

Ufuta usiokobolewa una miligramu 975 kwa gramu 100, lakini nani hula gramu 100? Kijiko kikubwa hutoa takriban 90, na oksaleti, kemikali ya asili iliyo kwenye ganda, huzuia sehemu yake kufyonzwa. Ule mweupe uliokobolewa umepoteza karibu yote.