Je, Wajua? Kwa Nini Mlango Mpya Umekolea Kuliko Kabati Lake

"Nimebadilisha mlango mmoja wa kabati la mkangazi. Nilijaribu rangi ya mbao kwenye kipande, nikaiacha ikauke, ikafanana kabisa na milango ya zamani. Nikapaka mlango wote, nikapiga vanishi. Ilipokauka, mlango mpya ukawa mweusi kuliko yote. Kwa nini, na nifanyeje ufanane na mingine?"

Rangi yako haikubadilika. Kilichoukoleza mlango ni vanishi, na kosa lilitokea mapema zaidi, pale ulipolinganisha kipande kisicho na vanishi na milango yenye vanishi.

Chukua kitambaa cha rangi yoyote, kilowanishe upande mmoja. Upande ule unakolea papo hapo, na maji hayana rangi hata kidogo. Kikikauka, kinapauka tena. Kwenye mbao hutokea jambo lile lile. Mbao ni mkusanyiko wa mirija midogo sana iliyosimama bega kwa bega, na ikiwa kavu, mirija hiyo imejaa hewa. Mwanga unapoingia hukutana na ukuta wa mrija, kisha hewa, kisha ukuta mwingine, na kila mpaka huupinda na kuurudisha mwingine kwa macho yetu kabla haujafika mbali. Mwanga huo uliorudi mapema haujapata nafasi ya kunywewa na rangi iliyomo ndani, kwa hiyo unafika machoni ukiwa mweupe-mweupe, na ndiyo sababu mbao kavu huonekana kama ina vumbi la majivu.

Uwezo wa kitu kupinda mwanga una kipimo chake. Hewa ni 1.0, maji ni 1.33, nyama ya mbao yenyewe ni kama 1.5, na vanishi nayo iko karibu na 1.5. Vipimo viwili vikikaribiana, mpaka kati yao karibu unapotea machoni pa mwanga. Vanishi ikijaza mirija, mwanga haukutani tena na ule mpaka mkali wa ukuta na hewa. Unazama zaidi, unapita kwenye chembe nyingi zaidi za rangi, na unaotoka ni mchache na umekolea. Ndiyo maana vanishi hukoleza mbao kuliko maji.

Sasa fuatilia rangi yako hatua kwa hatua. Ilipokuwa mbichi kwenye kipande, mirija ilijaa kimiminika, ukaona rangi iliyokolea. Kimiminika kikapotea hewani, hewa ikarudi ndani ya mirija, rangi ikapauka. Hapo ndipo ulipolinganisha. Kisha vanishi ikaingia, na tofauti yake na kile kimiminika cha kwanza ni kwamba vanishi ikikauka haiondoki. Inabaki ndani ikiwa ngumu, na mbao inabaki na sura ya kulowa siku zote. Kwa maneno mengine, sura ya rangi ikiwa mbichi ilikuwa karibu na matokeo ya mwisho kuliko sura yake ikiwa kavu. Nimeona watu wengi wakidanganywa na hatua hii ya katikati: rangi imekauka, imepauka, wanaona haitoshi, wanaongeza mkono wa pili, halafu vanishi inaleta giza wasilolitarajia.

Kuna sababu nyingine moja ya giza ambayo ni lazima uiondoe kwenye mashaka kabla ya kuilaumu vanishi, nayo ni rangi iliyoachwa juu. Rangi ya mbao hupakwa ikanywewa, na ile isiyonywewa hufutwa kwa kitambaa kikavu. Ikiachwa, hukauka juu kama utando. Utaitambua kwa macho: nyuzi za mbao zimefifia badala ya kujitokeza, kuna mabaka yanayong'aa, na ukipitisha kitambaa cheupe siku ya pili kinatoka na rangi. Kama ni rangi ya mafuta na bado haijapigwa vanishi, kitambaa chenye tapentaini kitaiondoa kwa kiasi kikubwa. Tafadhali, vitambaa hivyo vya mafuta usivirundike pamoja. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au vitie ndani ya maji.

Namna ya kupata mlinganisho nitakueleza kwa kazi niliyoifanya mwenyewe, inayofanana sana na yako: mlango mmoja mpya wa mkangazi katikati ya milango ya miaka mingi.

Kwanza nilisafisha mlango wa zamani uliokuwa jirani. Uchafu wa mikono na nta ya miaka vilikuwa vimejenga tabaka la kijivu, na ningelinganisha bila kuliondoa ningekuwa nafuata rangi ya uchafu. Kisha nikautazama kwa karibu, karibu na dirisha. Mbao iliyomalizwa huwa na rangi mbili: rangi ya chini iliyo nyepesi zaidi, na mistari myeusi juu yake. Jicho la haraka huona wastani wa zote mbili na kuchagua rangi nzito mno. Mimi hutafuta ile nyepesi ya chini na kuifuata hiyo, kwa sababu mistari hukolea yenyewe.

Vipande vya majaribio nilivikata kwenye ubao ule ule wa mlango, nikavipiga msasa kwa mpangilio ule ule: namba 80, 120, kisha 180. Hili watu huliruka, nalo lina uzito. Msasa wa chembe kubwa huacha mikwaruzo inayoshika rangi nyingi, na msasa laini hufanya uso ushike kidogo. Kipande kilichoishia namba 120 na mlango ulioishia 180 vitatoa rangi mbili tofauti kutoka mkebe mmoja.

Nilikuwa na mikebe miwili ya rangi ya mafuta kutoka kwa mtengenezaji mmoja, hudhurungi na nyekundu. Nilipima kwa kijiko. Kipande cha kwanza kilipata hudhurungi peke yake, cha pili vijiko vitatu vya hudhurungi kwa kimoja cha nyekundu, cha tatu nusu kwa nusu. Nilikoroga mikebe hadi chini kabisa kila mara, maana chembe za rangi huzama na kumiminwa kwa juu kungeleta rangi nyepesi leo na nzito kesho. Kila kipande nilikipaka, nikasubiri dakika tano kwa saa, nikafuta. Nikaandika vipimo nyuma yake kwa penseli. Kesho yake nikapiga vanishi mikono miwili kwenye nusu ya kila kipande, nusu nyingine nikaiacha wazi.

Nusu zile zilikuwa somo tosha. Upande usio na vanishi, kipande cha tatu ndicho kilichoonekana kufanana na kabati. Upande wenye vanishi, kilikuwa chekundu mno na kizito, wakati cha pili kilikuwa na wekundu sahihi ila kimekolea kupita kiasi. Nikatengeneza cha nne: mchanganyiko wa kipande cha pili, uliochanganywa na tapentaini kwa kiasi sawa. Baada ya vanishi, hicho ndicho kilichokaa kando ya mlango wa zamani bila kujitenga.

Kabla ya kukikubali nilifanya mambo mawili. Nilikisimamisha wima kama mlango unavyosimama, nyuzi zikielekea juu, kwa kuwa mbao hubadilika rangi kulingana na pembe ambayo mwanga unaigonga. Kipande cha sakafu vivyo hivyo kilinganishwe kikiwa kimelala sakafuni. Kisha nikakitazama mchana dirishani na usiku chini ya taa. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa chembe tofauti zinaweza kufanana juani na kuachana chini ya taa. Ikiwa hali ni hiyo, chagua mwanga ambao chumba hutumika nao zaidi.

Vanishi yenyewe pia ina rangi. Ya mafuta huleta manjano ya asali, na manjano hayo huongezeka kadiri miaka inavyopita. Ya maji hubaki karibu bila rangi. Mlango wa zamani wenye vanishi ya mafuta hautalingana kwa urahisi na mpya wenye vanishi ya maji, hata rangi ya chini ikiwa sahihi. Mng'ao nao huhesabika: uso usiong'aa hutawanya mwanga juu yake na kuonekana mweupe kidogo, uso unaong'aa huonekana mzito. Wakati mwingine kinachoitwa tofauti ya rangi ni tofauti ya mng'ao tu, na vanishi isiyong'aa juu ya mlango wako inaweza kupunguza sehemu ya lile giza.

Mkangazi una jambo moja zaidi. Mbao yake mpya hukolea kwa mwanga na hewa, wakati ile ya zamani imekwisha kukolea. Ukiinua zulia lililokaa muda mrefu juu ya sakafu ya mbao utaona alama yake, na hiyo ni kazi ya mwanga. Mimi huanika mbao mpya juani kwa siku kadhaa kabla ya kuipaka chochote, nikiigeuza ili pande zote zipate, ndipo nikate vipande vya majaribio. Nisipopata muda huo, naacha mlango uwe mwepesi kidogo kuliko majirani zake.

Kuacha wepesi kunafaa pia kwa sababu nyingine. Rangi ya mbao huongeza tu, haipunguzi. Mlango uliopungukiwa unaweza kuukoleza kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine, kwa kuchanganya rangi kidogo sana, inayopatana na vanishi hiyo, ndani ya mkono wa vanishi. Mlango uliozidi hauna njia hiyo.

Wako umezidi. Kama tofauti ni ndogo na vanishi yako inang'aa kuliko ya zamani, jaribu kwanza kuupiga msasa mwepesi na mkono mmoja wa vanishi yenye mng'ao sawa na wa milango ya zamani. Kama bado ni mweusi, vanishi na rangi italazimika kutoka hadi mbao tupu. Ukifika hapo, futa uso kwa kitambaa chenye tapentaini na uutazame kabla haujakauka: kwa dakika chache utaona karibu kabisa jinsi mkangazi huo utakavyokuwa chini ya vanishi bila rangi yoyote. Baadhi ya mbao zikionekana hivyo huwa zimekaribia milango ya zamani kiasi kwamba rangi inayohitajika ni ile iliyochanganywa na tapentaini hadi ikawa nyepesi sana.