Hashtegi moja, matukio mawili: kitenzi kinapomficha mtendaji

"Mimi na shemeji yangu tulisoma habari za #RejectFinanceBill2024 siku moja, kila mtu na gazeti lake. Idadi zilikuwa zile zile. Mbona yeye anaamini vijana walivamia Bunge wakazuiwa, na mimi naamini vijana walipigwa risasi kwa kukataa kodi?"

Idadi peke yake haisimulii kitu. Kinachosimulia ni kitenzi, pamoja na mahali mwandishi alipoanzia habari yake.

Kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilijibu swali la aina hii vibaya. Niliamini kwamba watu wawili wakitoka na picha tofauti za tukio moja, lazima gazeti moja limedanganya. Basi nilikuwa nachukua habari mbili, napiga mstari chini ya kila tarehe, kila jina na kila idadi, kisha nalinganisha. Zikilingana, nasema hii ni habari moja na tofauti iko kichwani mwa msomaji. Njia hiyo hunasa uongo vizuri, lakini fremu, yaani namna mwandishi anavyochagua maneno na mahali pa kuanzia, haiinasi hata kidogo, kwa sababu fremu haihitaji uongo. Mwandishi anaweza kusema kweli tupu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na bado akakuachia tukio ambalo jirani yako hakuliona. Nikaja kudhani dawa ni kusoma pande zote mbili na kushika katikati. Hilo nalo halikufaa. Kati ya "nani alifanya" na "ilitokea tu" hakuna katikati. Ama mtendaji ametajwa, ama hakutajwa.

Chukua tukio lenyewe. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge wa Kenya waliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, sehemu ya majengo ikachomwa, polisi wakafyatua risasi za moto. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya baadaye ilitoa hesabu ya vifo 39 vilivyohusiana na maandamano, kuanzia 18 Juni hadi 1 Julai.

Sasa ingia jikoni. Gilasi iko chini, vipande vipande. Mtoto anasema, "Gilasi imevunjika." Dada yake anasema, "Gilasi imevunjwa." Mama anasema, "Juma amevunja gilasi." Wote watatu wanasema kweli. Lakini Kiswahili kimewapa milango mitatu tofauti. "Imevunjwa" inaacha kiti wazi, na msikilizaji huuliza mara moja: na nani? "Imevunjika" imekiondoa kiti chenyewe. Huwezi kusema gilasi imevunjika na Juma, sarufi inakataa. Mtoto hajadanganya, ila amechagua umbo la kitenzi ambamo swali la nani halina pa kukaa.

Rudi barabarani. Hizi hapa ni sentensi tatu nilizotunga mwenyewe, zote zikizungumzia maiti yule yule:

"Mwandamanaji alipoteza maisha makabiliano yalipozuka."

"Mwandamanaji aliuawa kwa risasi."

"Polisi walimpiga risasi mwandamanaji wakamuua."

Katika ya kwanza, anayetenda ni marehemu: yeye ndiye aliyepoteza. Makabiliano nayo yamezuka yenyewe, kama moshi. Ya pili inatupa risasi bila kidole kilichofyatua. Ya tatu pekee ina mtu mwenye bunduki. Msomaji wa kwanza ukimuuliza kesho yake, atakwambia kulikuwa na vurugu na watu wakafa. Hatakumbuka kwamba hakuambiwa nani aliua, kwa sababu sentensi haikumwonyesha pengo.

Hapa lazima niwatetee wanahabari. Jioni ya kwanza, mwandishi aliye hospitalini na jina la marehemu, asiyejua nani alifyatua, anafanya vyema kuandika "aliuawa kwa risasi" na kuishia hapo. Ukimya wake ni uaminifu. Kwa hiyo sentensi moja isiyo na mtendaji haithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni ukimya wa upande mmoja. Tazama hii: "Waandamanaji walichoma sehemu ya Bunge na watu kadhaa wakapoteza maisha." Moto una mwenyewe, vifo havina. Igeuze: "Polisi waliwaua waandamanaji na sehemu ya Bunge ikaungua." Sasa vifo vina mwenyewe, na moto umejiwasha. Ukikuta mizani imeinama hivyo aya baada ya aya, umeikuta fremu, hata kama kila idadi ni sahihi.

Jambo la pili ni saa ya kuanzia. Habari inayoanza Bunge likivamiwa huifanya risasi kuwa jibu. Habari inayoanza 20 Juni, siku kijana mmoja alipopigwa risasi na kufa katikati ya Nairobi, huufanya uvamizi kuwa jambo lililokuja baada ya damu. Matukio hayajaongezeka wala kupungua. Kilichohama ni "kwa hiyo", neno ambalo halijaandikwa popote lakini msomaji hulitia mwenyewe kati ya sentensi moja na inayofuata. Usiku wa 25 Juni Rais William Ruto alilihutubia taifa, akasema maandamano yametekwa na watu hatari na akayahusisha na uhaini. Gazeti lililoanza na hotuba hiyo lilikuwa limeshamchagulia msomaji saa yake.

Je, kuna ushahidi kwamba haya huhamisha imani za watu? Upo, ila una mipaka. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani Nelson, Clawson na Oxley walichapisha jaribio ambalo bado linanivutia. Waliwaonyesha wanafunzi wa chuo habari mbili za televisheni kuhusu mkutano mmoja wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi, huko Ohio. Moja iliuweka mkutano kama suala la uhuru wa kusema, nyingine kama tishio kwa utulivu. Walioona ya kwanza walikuwa tayari zaidi kuliruhusu kundi hilo likusanyike. Fremu ilibadilisha kipi mtazamaji anakipa uzito zaidi. Lakini hao ni wanafunzi, katika chumba cha utafiti, wakiulizwa papo hapo. Kazi za baadaye za Chong na Druckman zilionyesha kwamba fremu mbili zenye nguvu zikimfikia mtu mmoja kwa pamoja, mara nyingi hupunguzana makali. Hapo ndipo kusoma magazeti mawili kunapofaa: gazeti la pili hukuonyesha kiti ambacho la kwanza lilikiondoa.

Jambo moja kuhusu hashtegi yenyewe. #RejectFinanceBill2024 ni sentensi ya amri yenye shamirisho: kataa mswada huu. Vichwa vya habari vilipoanza kuandika "maandamano ya Gen Z", mswada ulitoka na umri ukaingia. Msomaji wa kichwa hicho anajua walioandamana ni wa rika gani, lakini hajui walikuwa wanakataa nini. Tarehe 26 Juni Ruto alisema hatautia saini mswada ule. Kisha #RutoMustGo ikashika kasi, na mtu aliyeanza kufuatilia wiki hiyo aliona umati ule ule, barabara zile zile, lakini dai jingine. Ukimsikia akisema vijana walitoka tangu mwanzo kumng'oa rais, muulize alisoma habari yake ya kwanza tarehe ngapi.