Majedwali Mawili na Penseli Moja: Mzunguko wa Miamba na Mipaka ya Mabamba kwa Mtihani wa Jiolojia

Chora mkato wa mpaka wa mabamba, taja sehemu zake, kisha eleza magma imetoka wapi. Ukisahihisha swali la namna hii, utaona watahiniwa wengi wanachora vizuri na kupoteza alama kwenye sehemu ya mwisho. Wamekariri kwamba penye mpaka pana volkano, basi. Kwa nini pawe na volkano Natron na pasiwe na volkano Himalaya, hapo kalamu inasimama.

Chanzo ni kwamba mzunguko wa miamba na mipaka ya mabamba hufundishwa kama mada mbili, kila moja na jedwali lake. Tuanze na la miamba, tukilipanga kwa tukio lililoupata mwamba, wala si kwa jina la mwamba.

| Kilichotokea | Aina | Mfano |
|---|---|---|
| Magma imepoa polepole chini ya ardhi, fuwele zikawa kubwa | Mwamba moto | Granaiti ya Mwanza |
| Lava imepoa haraka juu ya ardhi, fuwele zikawa ndogo | Mwamba moto | Basalti |
| Mwamba umevunjika, ukasafirishwa, ukatuama na kushikana | Mwamba mashapo | Mawe ya mchanga |
| Mabaki ya viumbe wa baharini yamerundikana na kushikana | Mwamba mashapo | Mawe ya matumbawe ya Unguja na Mombasa |
| Mwamba umebadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka | Mwamba geu | Marumaru na naisi za Uluguru |
| Mwamba umeyeyuka | Magma | (rudi safu ya kwanza) |

Maneno ya kushika ni "bila kuyeyuka". Mwamba ukiyeyuka kisha ukapoa, huo ni mwamba moto, hata kama ulianza kama naisi. Tena mzunguko huu hauna zamu. Granaiti ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mawe yale yaliyobebana kando ya ziwa yanavunjika kuwa mchanga leo hii bila kupitia hatua ya mwamba geu. Kwa hiyo ukichora duara lenye mishale ya upande mmoja tu, umeacha nusu ya majibu. Kila aina itoe mshale kwenda kwa nyingine zote, na mwamba mashapo unaweza kuvunjika ukawa mashapo tena.

Safu ya mwisho ndiyo mlango wa kuingilia jedwali la pili.

| Mpaka | Kwa nini mwamba unayeyuka | Matetemeko | Mfano |
|---|---|---|---|
| Mabamba yanaachana | Mgandamizo unapungua | Ya kina kifupi | Bonde la Ufa, Aislandi |
| Bamba la bahari linazama chini ya jingine | Maji yanashusha joto la kuyeyukia | Kina kifupi hadi kama kilomita 700 | Andes, Sumatra |
| Bara linagongana na bara | Volkano ni nadra. Mwamba hukunjwa na kugeuzwa | Mengi ya kina kifupi | Himalaya |
| Mabamba yanapishana kando kwa kando | Kwa kawaida hauyeyuki | Ya kina kifupi | San Andreas, Kalifonia |

Safu ya pili ya wima ndiyo inayobeba alama. Mantili, yaani tabaka lililo chini ya ukoko wa dunia, si bahari ya uji wa moto. Ni mwamba mgumu unaosogea polepole mno. Una joto kali, lakini uzito wa miamba iliyo juu yake unauzuia kuyeyuka. Ukoko ukivutwa ukawa mwembamba, mantili inapanda, uzito unapungua, na sehemu yake inayeyuka bila kuongezewa joto. Waliopanda Kilimanjaro wanajua jambo la jamaa na hili: juu kule maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo maana maharage hayaivi.

Penye bamba linalozama kisa ni kingine. Bamba la bahari ni la baridi, na si lenyewe linaloyeyuka kwa kawaida. Linashuka na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji yanabanwa yatoke na kupanda kwenye mantili iliyo juu yake. Mantili hiyo yenye maji ndiyo inayoyeyuka. Mtahiniwa akiandika "bamba linasuguana na kuyeyuka", msahihishaji anajua amekisia.

Sasa penseli. Tuchukue mkato wa magharibi hadi mashariki eneo la Ziwa Natron na volkano ya Oldoinyo Lengai. Chora kwanza mstari wa ardhi: upande wa magharibi nyanda za juu, kisha genge kali, kisha sakafu ya bonde, kisha mteremko wa taratibu unaopanda kuelekea mashariki. Wengi huchora mtaro wenye kuta mbili zinazolingana. Kwa swali la jumla utapewa alama, ila bonde la Natron lina upande mmoja uliokatika zaidi, ule wa magharibi. Kutoka chini ya genge shusha mstari wa mvunjiko unaoinama kuelekea mashariki, uweke mishale miwili midogo: upande wa bonde umeshuka, upande wa nyanda umebaki juu. Ukigeuza mishale hiyo, umechora ardhi inayobanwa badala ya inayovutwa.

Jaza sakafuni tabaka la mashapo ya ziwa. Weka koni ya volkano karibu na genge, na mkondo wa magma chini yake. Chini kabisa chora ukoko ukiwa mwembamba zaidi katikati, mantili ikiinuka hapo kama mgongo wa ng'ombe. Malizia na mishale mikubwa miwili inayoachana: bamba la Nubia magharibi, la Somalia mashariki. Mwendo wao ni milimita chache tu kwa mwaka.

Andika majina baadaye, siyo wakati wa kuchora. Nakili mchoro mtupu, weka herufi A hadi G, ufunike majedwali, kisha kwa kila herufi andika jina na sababu moja. Jina lisilopata sababu ndilo ulilokariri tu. Rudi jedwalini kwa hilo peke yake. Fanya vivyo hivyo kwa bamba linalozama, na ukimaliza kagua jambo moja: volkano yako iko wapi? Ikiwa juu ya mfereji wa bahari, pale bamba linapoanza kuzama, umekosea. Inakaa ndani zaidi, juu ya mahali bamba lilipofikia zile kilomita 100. Kwenye ramani, pembetatu ndogo za mpaka huo huwekwa upande wa bamba lililobaki juu.

Zoezi la mwisho linatumia majedwali yote mawili. Lava ya Lengai ni ya ajabu: imejaa kaboneti ya sodiamu, hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, ilhali basalti hupita 1,000. Hutoka nyeusi, na baada ya siku chache huwa nyeupe kwa sababu ya unyevu wa hewa. Mvua huosha magadi yake kuelekea bondeni. Kwenye mchoro wako wa Natron, chora mshale wa safari hiyo na uandike umetoka safu gani ya jedwali la kwanza kwenda safu gani. Jibu: kutoka ya pili kwenda ya tatu. Ila usiandike kwamba magadi yote ya ziwa yametoka Lengai, maana chemchemi za moto za kingoni nazo zinayaleta.