Kopo moja, kuta mbili: dhana potofu kuhusu nyeupe inayogeuka njano au kijivu

Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye mashine ya kuchanganya rangi, duka la hadiwea hapa Mombasa, na malalamiko ninayopokea sana si ya rangi kubanduka wala bei, ni ya nyeupe. Mtu anarudi na kopo mkononi, "umenichanganyia vibaya, hii imekuwa njano", mwengine "hii imekuwa kijivu kama simiti". Sasa mwezi uliopita kaja mama mmoja wa Kisauni na malalamiko yote mawili kwa mpigo, kopo moja! Sebule imekuwa njano, chumba cha watoto kimekuwa kijivu, na fundi alipaka vyote siku moja kutoka ndoo ileile ya lita 20. Nikamwambia mamangu, hapo umenisaidia sana kwa sababu ndoo moja haiwezi kuharibika njano na kijivu kwa pamoja, hebu twende nikaone.

DHANA: Nyeupe ni nyeupe tu, majina ni ya biashara.

Kabla hatujatoka nilimwomba mfuniko wa ndoo. Ukichanganyiwa rangi kwa mashine kuna stika inabandikwa pale juu, watu huwa hata hawaitazami, na pale pameandikwa kila tone lililoingia. Ndoo inaanza na besi nyeupe, weupe wake unatoka kwenye titani daiyoksaidi, halafu mashine inadondosha rangi kali kidogo kidogo. Ya huyu mama ilikuwa na njano ya oksaidi, ile inayofanana na udongo, na nyeusi kidogo. Basi. Hiyo njano na hiyo nyeusi ndiyo andatoni, rangi iliyojificha chini ya nyeupe, na ukiangalia kopo peke yake huioni kwa sababu jicho likikosa cha kulinganisha linasema tu "nyeupe" linaendelea na safari.

Herufi za stika kila kampuni ina zake kwa hiyo usijisumbue kuzikariri, muulize anayechanganya "humu mmeingia nini?" Akisema njano na nyekundu, ujue inaelekea kirimu. Nyeusi peke yake, inaelekea kijivu, tena kijivu chenye ubuluu, kwa sababu ile nyeusi ya masizi ukiipunguza kwa nyeupe nyingi ubuluu wake ndio unaotokeza. Nyeusi na brauni, kijivu kilichotulia. Na usidhani lazima viingie vingi, nyeusi kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 20 jicho linaiona, hasa ukiweka karibu na nyeupe tupu.

DHANA: Rangi ilikuwa sawa dukani, imebadilika ilipofika ukutani.

Hii ndiyo kubwa na ndiyo iliyotupeleka Kisauni. Nilibeba kipande cha hadibodi nilichokipaka koti mbili za rangi ileile jana yake, nikaacha ukingo mweupe wa inchi moja kuzunguka, na karatasi nyeupe ya kuandikia.

Sebule ya yule mama madirisha yanatazama magharibi, chini taili za kirimu zinang'aa, na tulifika saa kumi jioni kwa hiyo jua lilikuwa linaingia limelala, linapiga taili, taili zinaurusha ule ukirimu juu ukutani. Ukuta ulikuwa njano kweli, na ubao wangu wa hadibodi nao njano vilevile, sikumbishia. Akawasha taa niuone vizuri, balbu zote sita ni 2700K, zile za mwanga wa kama taa ya chemni. Mwanga wenyewe una njano, taili zina njano, rangi ina njano yake kidogo, sasa unategemea nini? Ile njano kidogo imepata wenzake.

Tukaingia chumba cha watoto na ubao uleule. Dirisha moja, na mbele yake kama mita moja na nusu hivi kuna ukuta wa jirani wa mawe haujapigwa plasta, kijivu. Jua halifiki kabisa, mwanga wote unaoingia umegonga kwanza ule ukuta wa jirani. Nikasimamisha ubao pale. Yule mama akanyamaza. Ubao aliouona njano dakika mbili zilizopita ulikuwa kijivu, kijivu ile ya nguo nyeupe iliyofuliwa na jinzi. Mwanga ukiwa mdogo ile njano ya kwenye rangi haipati cha kuiamsha, inabaki nyeusi ndiyo inazungumza.

Na dukani je? Dukani kwetu taa ni zile ndefu za 6500K, mwanga una ubuluu, na ubuluu unaiua njano. Pale alipochagua kwenye kadi, ile nyeupe ilionekana safi kama maziwa. Kwa hiyo rangi haikubadilika hata chembe, mwanga ndio uliobadilika mara tatu. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe fanya nilivyofanya mimi, ubao mmoja uzunguke, ukibadilika na chumba basi kosa si la mchanganyaji. Ukiwa tofauti na ukuta wakiwa wamesimama pamoja mahali pamoja, hapo njoo unifokee, una haki.

DHANA: Chumba chenye giza kipake brilianti waiti kitafunguka.

Yule mama hili ndilo alilolitaka papohapo. "Basi huku nitie brilianti yaishe." Nikamwambia ngoja. Brilianti waiti haitoi mwanga, inarudisha tu inachopewa, na chumba kile kinapewa kijivu cha jirani. Ukuta ungekuwa mweupe zaidi ya sasa, ndio, lakini mweupe wa baridi, pembeni karibu na dari unaingia kivuli kama vumbi. Pale tulichanganya nyingine, njano kidogo na nyekundu kidogo sana, nyeusi hakuna hata tone. Dukani ilionekana kama imeelekea pichi, akanikazia macho, lakini ukutani kwake imetulia nyeupe yenye uhai. Dari tukaiacha nyeupe tupu irudishe mwanga wa juu. Isitoshe kuna kikomo, mchana wa mawingu chumba kile bado ni chumba cha giza na hakuna kopo la kutibu hilo, washa taa.

DHANA: Ikiwa njano, mwambie fundi aongeze matone ya buluu.

Hii nimeiona kwa mafundi wazee na ina asili yake, ndiyo sababu hata nguo nyeupe tulikuwa tunazitia buluu. Ni kweli buluu inaua njano, lakini kwenye rangi haiigeuzi kuwa nyeupe, njano na buluu zikikutana zinamezana na kinachobaki ni kijivu, wakati mwengine chenye ukijani ikiwa fundi mkono mzito. Na kila tone linapunguza mng'ao, huwezi kuongeza rangi ukapata weupe zaidi. Halafu fundi anatia kwa macho, ndoo ya pili haitalingana na ya kwanza na utaona mstari pale walipokutania. Kwa sebule ya Kisauni tulianza na kitu cha bei nafuu, balbu. Akabadilisha zote sita akaweka 4000K, na usiku njano ikaondoka karibu yote. Saa kumi jioni ilibaki, kwa sababu jua na taili huwezi kuvibadilisha, ndipo akakubali kupaka upya, nyeupe yenye nyeusi kidogo na brauni kidogo na njano hakuna. Jua lile la jioni sasa linaipasha moto kidogo inakuwa nyeupe ya kawaida. Asubuhi ukiwa mkali utaona ina kijivu kwa mbali, lakini asubuhi nani anakaa sebuleni.

DHANA: Chumba cha upande wa kaskazini ni cha baridi, kipake rangi ya joto.

Watu wanasoma mtandaoni halafu wananijia na dira! Ushauri huo ni wa Ulaya, kule jua liko kusini kwao mwaka mzima. Mombasa tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, jua linapita kaskazini kwetu kuanzia katikati ya mwezi wa 3 mpaka mwanzo wa mwezi wa 10, halafu linahamia kusini. Ukuta wako wa kaskazini unapigwa jua nusu mwaka, wa kusini nusu nyengine. Hapa kwetu cha kuuliza ni mashariki au magharibi, na zaidi ya hapo dirisha linatazama nini. Mwarobaini mkubwa nje utakupa ukuta wa kijani, kabro nyekundu za uani zitakupa ukuta wa waridi, na vichochoro vya Mji wa Kale unaishi na rangi ya nyumba ya mwenzio.

DHANA: Basi rangi haibadiliki kamwe.

Hapana, hii nayo si kweli, kuna moja inabadilika. Nyeupe ya mafuta, ile glosi ya milango na fremu, inageuka njano yenyewe kadiri inavyozeeka, na inageuka zaidi gizani. Toa picha iliyotundikwa miaka kadhaa kwenye ukuta wa glosi utaona nyuma yake. Ukitaka mlango ubaki mweupe chukua ya maji.

Kupima ni rahisi lakini watu wanakosea palepale, wanapaka kiraka juu ya ukuta wa zamani wa kirimu wanahukumu. Kirimu ya pembeni inafanya nyeupe yoyote ionekane buluu. Paka ubao, koti mbili, acha ukingo mweupe, ukauke kabisa maana ikiwa mbichi inadanganya, nyingi zinakolea zikikauka. Usimamishe wima, si kuulaza mezani, uweke karibu na taili na kochi, uutazame asubuhi, saa kumi, na usiku na taa zako mwenyewe.

Juzi yule mama karudi kutafuta ya varanda. Kabla sijamsalimia vizuri kafungua mkoba, katoa kipande cha taili ya varanda kaweka kaunta, akaniuliza, "kijana, hizi taa zenu zinazimika?"