Kipimo safi hakifuti kifafa

“Kipimo cha umeme wa ubongo cha mwanangu kimetoka safi. Basi hana kifafa?”

Bado huwezi kusema hivyo. Vile visahani vinavyobandikwa kichwani hunasa umeme hafifu wa seli nyingi za ubongo zinazofanya kazi kwa pamoja, tena kwa dakika 20 au 30 tu. Kifafa kinaweza kunyamaza muda wote huo.

Ndiyo maana mtoto huambiwa apunguze usingizi usiku, ili asinzie akipimwa. Usingizi ukimchukua, mawimbi ya kisogoni yanayoonekana akifumba macho hufifia, yakaja ya polepole, na hapo ndipo alama za kifafa hupenda kujitokeza. Ila usingizi mwepesi nao huleta mawimbi yenye ncha kali utosini, ya kawaida kabisa. Asiyeyazoea huyadhania kifafa, na mtoto huanzishiwa dawa bure. Inaniuma.

Kifafa cha kuduwaa hujionyesha wazi zaidi: mtoto akihemeshwa kwa nguvu kama dakika 3, ghafla anaganda sekunde chache, na mchoro unaandika ncha na wimbi, ncha na wimbi, takriban mara 3 kila sekunde.

Kwa hiyo msimulie daktari alivyoanguka; ukiweza, mrekodi kwa simu.